Asikatwe mara mbili: njia tatu za kulinda malipo ya tiketi ya boti, na ipi ya kuchagua

Simu iliyoko Mkoani, Pemba, inatuma ombi la malipo kwenye seva, na jibu halirudi. Hapo kuna mambo mawili yanayoweza kuwa yametokea, na kwa simu yote mawili yanaonekana sawasawa. Pengine ombi halikufika kabisa. Pengine lilifika, nauli ikakatwa, na kilichopotea njiani ni jibu tu. Simu ikinyamaza, huenda abiria akakosa boti. Simu ikirudia, huenda akalipa nauli mbili kwa kiti kimoja.

Hakuna namna ya kuiwezesha simu kujua ni lipi kati ya hayo mawili lililotokea. Kinachowezekana ni kulifanya ombi lenyewe liwe la kurudika, yaani lipokelewe mara moja au mara kumi, athari yake ibaki ile moja. Kiwango cha HTTP, RFC 9110 cha mwaka 2022, kinazihesabu `GET`, `PUT` na `DELETE` kuwa za namna hiyo. `POST` haimo, na malipo karibu yote hupita kwa `POST`. Kwa hiyo kinga hii hatupewi bure, ni lazima tuijenge wenyewe.

Wanaotengeneza mifumo ya kukata tiketi huku visiwani huchagua kati ya njia tatu: kuuliza kwanza ndipo urudie, kulitambua ombi kwa yaliyomo ndani yake, au kuliwekea ombi ufunguo wake kabla halijaondoka kwenye simu. Mimi nachagua ya tatu, na nitaeleza kwa nini, pamoja na pale ambapo hiyo ya kwanza bado inahitajika.

Safari tutakayoifuata

Tuchukue abiria mmoja wa Mkoani, wiki ya Idi, anayekata tiketi mbili za kwenda Unguja: yake na ya mkwewe. Tuseme nauli ni shilingi 35,000 kwa mtu. Anakata moja moja, kwa sababu ukurasa unataka jina na namba ya kitambulisho cha kila msafiri. Njia ya pesa ina vituo vitatu: simu yake, seva ya tiketi, na kampuni ya pesa za simu ambayo humletea ujumbe wa kuingiza namba ya siri.

Saa 4 kamili asubuhi anabonyeza "Lipa". Ombi linafika kwenye seva ndani ya sekunde moja, na seva inaiomba kampuni ya pesa ikate nauli. Sekunde ya tatu intaneti ya simu yake inakatika. Sekunde ya sita ujumbe wa namba ya siri unamfikia, maana huo hupita kwenye mtandao wa kawaida wa simu wala hauhitaji intaneti, naye anaijaza. Pesa zinakatwa. Sekunde ya kumi programu iliyomo kwenye simu inachoka kusubiri jibu. Haijui lolote kuhusu hayo yaliyotokea katikati.

Iko mifumo ambayo hapo huandika "Imeshindikana, jaribu tena" na kumwachia abiria mwenyewe. Siihesabu kuwa ni njia, kwa sababu inahamisha urudiaji kutoka kwenye programu na kuupeleka kwenye kidole cha mtu, tena mtu mwenye haraka. Matokeo yake utayasikia dirishani bandarini:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mie nimekata tiketi ya mtu mmoja, na ujumbe wa kukatwa pesa umekuja mara mbili. Hebu nitizamie."

Karani hana la kumtizamia, kwa sababu kwenye mfumo kuna tiketi mbili halali, kila moja na malipo yake.

Kuuliza kwanza

Njia ya kwanza huonekana ya busara: kabla ya kurudia, simu iulize seva, "Malipo ya safari hii yapo?" Yakiwapo, onyesha tiketi. Yasipokuwapo, lipa upya.

Kasoro iko kwenye pengo kati ya swali na tendo. Tuseme intaneti imerudi upesi. Simu ikiuliza kwenye sekunde ya nne, kabla abiria hajajaza namba ya siri, seva itajibu kuwa hakuna malipo, na itakuwa imesema kweli. Sekunde mbili baadaye jibu hilo si kweli tena, lakini simu imeshatuma ombi la pili na ujumbe wa pili wa namba ya siri umeshaingia. Abiria aliyezoea ujumbe huo kuchelewa ataujaza na huo. Pengo hili huwezi kuliziba kwa kusubiri zaidi, kwa sababu mtandao unaweza kushikilia ombi kwenye foleni kwa muda mrefu kuliko wowote utakaoupanga. Utalipunguza tu, na wiki yenye abiria wengi litajitokeza.

Njia hii ina hasara nyingine iliyofichika. Kwenye majaribio ofisini haishindwi kabisa, kwani pale mtandao ni mzuri na anayejaribu ni mtu mmoja. Ndiyo maana hupitishwa.

Kulitambua kwa yaliyomo

Njia ya pili haihitaji simu kufanya lolote. Seva inachukua namba ya simu, kiasi na safari, inavikunja kuwa alama moja, kisha inakataa ombi lolote lenye alama hiyo hiyo ndani ya dakika tano, tuseme.

Kwa abiria wetu njia hii inazuia kukatwa mara mbili, kisha inamkosea mkwewe. Tiketi ya pili ina namba ile ile ya simu, shilingi 35,000 zile zile, boti ile ile, na imeombwa dakika mbili baadaye. Kwa seva hiyo ni marudio. Inamrudishia abiria tiketi ya kwanza na kumwambia yote yamekamilika, naye anaweza asigundue mpaka wafike getini Mkoani mizigo ikiwa imeshapakiwa.

Unaweza kuingiza jina la msafiri ndani ya alama, na mfano huu utapona. Lakini uzito uko palepale: alama inajua kilichoombwa, haijui kusudio la aliyeomba. Kwetu kununua kitu kilekile mara mbili kwa makusudi ni jambo la kila siku, iwe ni vocha za umeme, tiketi za familia nzima au mchango wa harusi. Muda wa dakika tano nao ni kubahatisha. Ukiufupisha, marudio yaliyochelewa yanapenya. Ukiurefusha, manunuzi halali yanakwama.

Ufunguo uliotangulia

Njia ya tatu inamtaka anayejua kusudio, yaani simu ya abiria, aliwekee kusudio hilo ufunguo. Ukurasa wa kuthibitisha malipo unapofunguka, programu inatengeneza namba ya nasibu ya aina ya UUID, inaihifadhi kwenye simu, ndipo inaruhusu kitufe cha "Lipa" kibonyezwe. Kila jaribio la malipo hayo linabeba ufunguo huo huo, mara nyingi kwenye kichwa cha ombi kinachoitwa `Idempotency-Key`. Abiria anapoanza tiketi ya mkwewe, anafungua ukurasa mpya, na unazaliwa ufunguo mpya. Marudio na manunuzi ya pili sasa yametengana bila mtu kubahatisha.

Upande wa seva, kazi nzima inabebwa na hifadhidata. Usiandike msimbo unaotafuta ufunguo, ukaona haupo, kisha ukauingiza, kwa maana hapo umelirudisha lile pengo la njia ya kwanza. Iachie hifadhidata iamue kwa hatua moja. Katika PostgreSQL, kuanzia toleo la 9.5, inakuwa hivi:

```sql
CREATE TABLE malipo (
  ufunguo uuid PRIMARY KEY,
  alama   text NOT NULL,
  hali    text NOT NULL DEFAULT 'inaendelea',
  jibu    jsonb
);

INSERT INTO malipo (ufunguo, alama)
VALUES ($1, $2)
ON CONFLICT (ufunguo) DO NOTHING;
```

Hifadhidata ikisema imeingiza safu moja, wewe ndiye wa kwanza, endelea ukakate nauli. Ikisema sifuri, kuna aliyekutangulia, basi soma hali ya safu yake. Ikiwa imelipwa, rudisha jibu lile lile lililohifadhiwa, tiketi ile ile na namba ile ile. Ikiwa bado inaendelea, jibu kwa namba ya HTTP 409 na iambie simu irudi baadaye. Sehemu ya `alama` hapo ndiyo ile ya njia ya pili, na hapa imepata kazi inayoiweza: ufunguo uleule ukija na kiasi tofauti, kuna hitilafu kwenye programu, ukatae kwa 422.

Rudi sasa kwa abiria wetu. Sekunde ya kumi simu inarudia, kwa ufunguo uleule. Seva inajaribu kuingiza, inapata sifuri, inasoma kuwa imeshalipwa, inarudisha tiketi. Hakuna ujumbe wa pili wa namba ya siri. Mtandao ukikatika tena, simu itarudia mara ya tatu na kupata jibu hilo hilo.

Safu ya ufunguo lazima ikamilishwe ndani ya hifadhidata, kwa `COMMIT`, kabla hujaigusa kampuni ya pesa. Wapo wanaofungua muamala wa hifadhidata, wanaingiza ufunguo, wanakata nauli, kisha wanakamilisha. Seva ikianguka katikati, hifadhidata inafuta kila kitu kana kwamba ufunguo haukuwahi kuja, na huku pesa za watu zimeshakatwa. Jaribio linalofuata litakuwa "la kwanza" tena.

Kosa la upande wa simu ninaloliona zaidi ni kutengeneza ufunguo ndani ya kazi inayotuma ombi. Kila urudiaji unazaa ufunguo wake, na mfumo unaonekana una kinga ilhali hauna. Utaligundua kwenye kumbukumbu za seva: ikiwa kila ufunguo umeonekana mara moja tu, na unajua simu zinarudia maombi, basi ufunguo unazaliwa mahali pasipo pake.

Kwa anayetaka kuona njia hizi zikiwa kando kwa kando, hivi ndivyo zinavyolikabili jambo lile lile:

| | Kuuliza kwanza | Alama ya yaliyomo | Ufunguo |
|---|---|---|---|
| Jibu limepotea, pesa zimeshakatwa | Salama, kama malipo yamekwisha kuandikwa | Salama ndani ya muda uliopangwa | Salama |
| Marudio yanakuja pesa zikiwa bado zinakatwa | Hukatwa mara mbili | Salama | Salama |
| Tiketi ya pili ya makusudi | Huchanganywa na ya kwanza | Hukataliwa | Hupita |
| Mabadiliko kwenye programu ya simu | Madogo | Hakuna | Yanahitajika |

Safu ya mwisho ndiyo huwafanya wengi wachague alama. Kama programu imeshasambaa kwenye simu za watu na hawaisasishi, alama ni bora kuliko kukaa bila kinga, lakini ichukulie kuwa ni daraja la muda.

Kurudia baada ya muda gani

Ufunguo unamlinda abiria. Namna ya kusubiri inailinda seva. Hivi ni vitu viwili, na kimoja hakifanyi kazi ya mwenziwe: ukisubiri kwa ustadi wote bila ufunguo, utamkata mtu mara mbili kwa mwendo wa taratibu.

Ulinganisho hapa ni kati ya kusubiri muda uleule kila mara na kusubiri muda unaozidi maradufu. Tuseme ni jioni ya mkesha wa Idi, simu 400 zimo kwenye malipo, na mawasiliano yanakatika kwa nukta chache. Zikiwa zimepangwa kurudia kila sekunde tano, zote 400 zinarudi kwa pamoja, zinaizidi nguvu seva, zinakosa majibu, na baada ya sekunde tano zinarudi tena zote. Seva iliyokuwa inataka nafasi ya kupumua haiipati.

Ukizidisha, jaribio la kwanza linasubiri sekunde 1, kisha 2, 4, 8, 16. Seva inapata nafasi, lakini bado simu zote zinakuja kwa mkupuo mmoja, kwa sababu zote zilikatika pamoja na zinahesabu sawasawa. Dawa yake ni kuingiza nasibu: kila simu ichague muda wowote kati ya sifuri na kikomo cha zamu hiyo. Wahandisi wa Hawaii waliounganisha visiwa vyao kwa redio mwaka 1971, katika mtandao wa ALOHA, walikutana na tatizo hili hasa. Vituo viwili vikitangaza kwa pamoja viliharibiana ujumbe, na kila kimoja kilisubiri muda wa nasibu kabla ya kurudia. Kuzidisha muda kwa maradufu kulikuja baadaye kidogo katika Ethaneti.

```js
const subiri = (ms) => new Promise((r) => setTimeout(r, ms));
const kikomo = Math.min(30000, 1000 * 2 ** jaribio);
await subiri(Math.random() * kikomo);
```

Kwa `jaribio` kuanzia 0, zamu ya tano ina kikomo cha sekunde 16. Zile simu 400, kama zote zingefika hapo, zinatawanyika kwa wastani wa 25 kwa sekunde badala ya kuja 400 kwa mpigo. Kikomo cha sekunde 30 kipo kwa sababu abiria aliyesimama juani hatasubiri dakika nne. Baada ya zamu tano mwonyeshe hali ilivyo: "Malipo yako bado hayajathibitishwa. Usilipe tena, tutakutumia ujumbe." Na uutume kweli. Seva ikirudisha 429 au 503 yenye kichwa cha `Retry-After`, ifuate, kwani inajua hali yake kuliko hesabu ya simu.

Usirudie kila kosa. Mtandao kukatika, 502, 503 na 504 hurudiwa. Salio halitoshi, au namba ya siri si sahihi, ni majibu kamili na kuyarudia hakubadilishi kitu. Abiria akienda kwa wakala, akaweka pesa na kubonyeza tena, hilo ni kusudio jipya na linataka ufunguo mpya, la sivyo ufunguo wa zamani utamrudishia "salio halitoshi" milele.

Jambo jingine la kuangalia ni urudiaji unaopandana. Pale penye mpatanishi wa malipo kati ya seva na kampuni ya pesa, simu ikijaribu mara 4, seva nayo ikimjaribu mpatanishi huyo mara 4, na mpatanishi akaijaribu kampuni ya pesa mara 4, bonyezo moja limekuwa maombi 64. Chagua ngazi moja ya kurudia. Kwa boti, mimi huiweka kwenye simu, kwa sababu kiungo kinachokatika mara nyingi ni kile kati ya simu na seva.

Pale ufunguo unapofika mwisho

Ufunguo wetu unalinda njia kutoka simu hadi seva. Kutoka seva hadi kampuni ya pesa ni safari nyingine, yenye kukatika kwake. Kampuni nyingi hupokea namba ya kumbukumbu unayoitunga wewe. Soma maelezo yao ya kiufundi, na ujaribu mwenyewe, uone kama namba hiyo ikirudiwa ombi la pili linakataliwa au linapokelewa kama jipya. Likikataliwa, tumia ufunguo wa abiria, au namba inayotokana nao, na kinga inaendelea mpaka mwisho.

Likipokelewa kama jipya, hapo ndipo njia ya kuuliza kwanza inapopata mahali pake. Seva ikikosa jibu la kampuni, isirudie kukata. Iache safu ikiwa `inaendelea`, na mtumishi wa nyuma, yaani programu inayojiendesha kwenye seva, apite kila dakika akiuliza hali ya zile zilizokaa zaidi ya dakika mbili. Pengo la wakati bado lipo, lakini hapa anayeuliza ni mmoja, hana haraka ya boti, na kampuni ikisema "haipo" anaweza kungoja na kuuliza tena hadi muda wa ujumbe wa namba ya siri upite kabisa. Kiti kishikilie muda huo wote. Afadhali kiti kikae wazi dakika kumi kuliko kumrudishia mtu shilingi 35,000 baada ya siku kadhaa za kupiga simu.

Umri wa ufunguo nao una hesabu yake. Kampuni ya malipo ya mtandaoni ya Stripe, kwa mfano, inaeleza kuwa inaweza kuzifuta funguo zikishatimiza angalau saa 24. Kwa duka la mtandaoni huo unatosha. Simu iliyozimika chaji Ijumaa na kuwashwa Jumapili, ombi likiwa bado kwenye foleni yake, itauleta ufunguo uliokwisha kufutwa, na seva itauona mpya. Kwa tiketi, weka funguo mpaka boti iondoke na siku kadhaa zaidi, na ombi lolote la safari iliyokwisha kuondoka likataliwe kabla halijafika kwenye pesa.

Kabla ya kukubali kuwa mfumo uko tayari, ujaribu kwa kuuvunja. Zima seva mara baada ya `COMMIT` ya ufunguo, kisha mara baada ya kampuni ya pesa kujibu lakini kabla ya kuandika `imelipwa`. Kata intaneti ya simu mara tu baada ya kubonyeza. Bonyeza "Lipa" kwenye simu mbili zenye ufunguo uleule kwa wakati mmoja. Kila mara, linganisha miamala iliyomo kwenye taarifa ya kampuni ya pesa na safu za `imelipwa` kwenye jedwali lako. Lazima zilingane moja kwa moja. Ulinganisho huo huo ufanywe kila usiku mfumo ukiwa kazini, na muamala wowote ulioko kwa kampuni bila safu yake hapa urudishwe kwa mwenyewe asubuhi, kabla hajaja dirishani kuudai.